Kununua juu, kuuza chini

"Wakuu, hivi kwa nini watu wananunua hisa zikiwa zimepamba moto alafu zikishuka wanakimbilia kuuza kwa hasara?"

Mkuu angalia Safaricom 2008. Hisa iliuzwa shilingi 5 za Kenya, watu wakachukua hadi mikopo, na wengi hesabu za kampuni hawakuzigusa, walinunua sababu jirani kanunua na mjomba kanunua, yaani foleni yenyewe ndo ikawa ushahidi. Juni ikaingia sokoni ikapanda kupita 7, mwaka uliofuata ikawa chini ya 3.

Sasa hofu ya hasara watu huwa wanaielewa nusu. Wanasaikolojia Kahneman na Tversky walionyesha kupoteza mia kunauma karibu mara mbili ya raha ya kupata mia, ila maumivu hayo mwanzoni yanamfanya mtu ang'ang'anie, aliyenunua kwa 5 hauzi kwa 4, anasubiri irudi. Kinachomvunja ni kuona wenzake wanatoka, anahisi hasara kubwa zaidi inakuja, basi wote mlangoni kwa pamoja na wanunuzi hamna.

Ila sio saikolojia tu, mwaka ule dunia nzima ilikuwa na msukosuko wa fedha, na mwenye mkopo anaweza kuuza bila hata kuogopa, rejesho la benki halisubiri bei.