Faida ya uhakika ya kapu la hisa

«Kapu langu lina faida tarajiwa ya 14% na mchepuko sanifu wa 20%, kigezo changu cha kuogopa hatari ni 4. Nilipotafuta faida yake ya uhakika nimepata hasi 786. Nimekosea wapi?»

Ndugu, kanuni yako ya kuchukua faida tarajiwa na kutoa nusu ya kigezo mara mraba wa mchepuko ni sahihi, ila umeingiza asilimia kama namba nzima, na kwa kuwa mchepuko hupigwa mraba, 20 imegeuka 400 badala ya 0.04. Tumia desimali:

```
0.14 - 0.5 * 4 * 0.20^2 = 0.06
```

Maana yake ni kwamba kwako wewe kapu hilo lina thamani sawa na 6% ya uhakika.

Mchangiaji wa juu amesema kweli kwamba, ikiwa dhamana za serikali zinalipa 8%, hupaswi kuweka fedha zote kwenye kapu hilo, lakini kukushauri uliache kabisa si sahihi. Ukiweka 37.5% kwenye kapu na zinazobaki kwenye dhamana, faida yako ya uhakika inafika takriban 9.1%, ambayo inazidi zote mbili.

Dada aliyeuliza kuhusu akiba yake ya kikundi ana swali tofauti, kwa sababu wanachama wana woga usiolingana: mwenye kigezo cha 2 analiona kapu hilohilo kuwa sawa na 10%. Ninachotaka kujua ni jinsi ulivyoipata hiyo 4, maana ikiwa ni 3, kapu zima na dhamana vinalingana kabisa.