Chini ya joho: majibu ya maswali yenu ya mahafali

Novemba hiyo inakuja na karibu kila swali nililoletewa mwezi huu ni la mahafali. Waliouliza "rangi gani itanipendeza" bila kusema joho lao ni la rangi gani, wala watahitimu mkoa gani, nimewaacha. Nileteeni hayo mawili kwanza.

"Shikamoo fundi. Nimeshonewa gauni la kitenge, zuri sana, ila nikilivaa dakika kumi nalowa jasho. Kitenge si pamba? Mahafali yangu ni Dar, mwisho wa Novemba."

Marahaba mwanangu. Geuza gauni ndani nje uniambie unaona nini. Utaona bitana, nyepesi, inang'aa, inateleza mkononi. Hiyo ndiyo inayokupika, na nimeipigia kelele miaka yote niliyokaa kwenye cherehani. Mteja ananunua kitenge cha pamba kwa hela nzuri, kisha fundi anaweka bitana ya poliesta kwa sababu ni ya bei rahisi na inalifanya gauni likae vizuri kwenye hanga. Poliesta hainywi jasho. Jasho linabaki juu ya ngozi, na juu yake kuna joho ambalo nalo kwa kawaida ni poliesta, jeusi au la rangi nzito, limefunika kuanzia shingoni hadi chini ya goti. Hewa inapita kwa chini na kwenye mikono tu.

Hakikisha kwanza. Chomoa uzi mmoja wa bitana kwenye mshono wa ndani, ushike kwa kibano juu ya sinki, uuguse kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta inajikunja, inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Usikishike kikiwa cha moto. Fanya hivyo hivyo kwa uzi wa kitenge chenyewe, maana siku hizi madukani kuna vitenge vya poliesta vingi. Vile unavitambua hata kwa macho: kitenge halisi cha pamba rangi zake zinakaribia kulingana pande zote mbili, na hiki cha bandia upande wa nyuma umepauka.

Kama kitenge ni pamba na bitana ndiyo mbaya, mrudishie fundi aitoe yote, kisha vaa shimizi ya pamba ndani. Kama sehemu ya kifua inahitaji kushikiliwa, aweke poplini ya pamba hapo kifuani tu. Akishamaliza, lifue gauni mara mbili, kwa sababu kitenge kipya kina gundi ya kiwandani inayokikaza na kuziba matundu. Halafu lijaribu ukiwa umejifunika koti la mvua au kanzu nzito, saa saba mchana, nusu saa, feni imezimwa. Ukilowa tena, badili nguo ungali na muda.

Na ile taiti ya kubana tumbo iache nyumbani. Joho halionyeshi tumbo. Utakuwa umeibeba saa tano bila faida, na Dar ya Novemba hewa ina unyevu mwingi, jasho halikauki haraka kama Dodoma.

"Mikono ya puto inafaa chini ya joho?"

Hapana. Joho litaiponda, utavimba mabega kwenye picha zote, na ukilivua mikono itakuwa imekunjamana.

"Mama anataka nivae suti ya vipande vitatu. Mimi naona joto. Nimwambie nini?"

Mwambie mama suti ataiona, ila si chini ya joho. Mpwa wangu alihitimu Dar na suti nzima: vesti, shati la mikono mirefu, kizibao, koti, halafu joho. Hesabu mwenyewe, matabaka matano kifuani. Ukumbi ulikuwa na kiyoyozi, lakini kabla ya kuingia walipangwa nje kwenye mstari kwa zaidi ya saa moja. Alipoingia ndani shati lilikuwa limegandamana na mgongo, na alipovua joho jioni ili apigwe picha na mama yake, koti la bluu lilikuwa na ramani nyeupe ya chumvi mgongoni. Picha ile ya suti, ambayo ndiyo mama alikuwa anaingojea, haikupatikana.

Kwa hiyo vaa suruali ya suti, shati la pamba na tai. Koti na kizibao vikae kwenye hanga kwa ndugu yako, pamoja na shati la pili. Joho likishavuliwa, badili shati, vaa suti kamili, ndipo upige picha na mama. Kuhusu rangi, samawati hafifu na kijivu hafifu ndizo zinazoonyesha jasho kuliko zote. Nyeupe inaficha vizuri zaidi.

Shati liwe na vifungo mbele, tena uvifunge mpaka juu. Kuna jambo wahitimu wengi hawaambiwi: hudi, kile kitambaa cha rangi kinachopita shingoni na kuning'inia mgongoni, ni kizito upande wa nyuma. Kinavutwa chini taratibu mpaka mbele kinakukaba koo. Mara nyingi mbele yake kuna kitanzi kidogo cha uzi, na kazi yake ni kuvishwa kwenye kifungo cha shati ili hudi isirudi nyuma. Ukivaa fulana au gauni lisilo na kifungo, beba pini mbili, ubane hudi kwenye nguo ya ndani.

"Nivae viatu gani?"

Swali hili mnalileta kila mwaka, na kila mwaka mnalileta wiki ya mahafali, viatu vimeshanunuliwa. Safari hii someni mapema.

Kwenye vyuo vingi vikubwa wa shahada ya kwanza hampandi jukwaani mmoja mmoja. Mnasimama kundi zima, mnatunukiwa, mnakaa. Kwa hiyo kazi ya kiatu chako si kupita mbele ya Mkuu wa Chuo. Kazi yake ni kusimama kwenye mstari, kutembea kwenye maandamano, kisha kuzunguka na ndugu kwenye majani na kokoto mkitafuta pa kupigia picha. Mchuchumio wenye kisigino chembamba unazama kwenye majani, na ukipanda ngazi unanasa pindo la joho kwa nyuma. Kisigino kiwe kipana, kisizidi sentimita 5. Kaka zangu, kiatu cha ngozi chenye kamba ni bora kuliko cha kutumbukiza mguu, kwa sababu mguu ukivimba kwa joto unailegeza kamba.

Nunua jioni, mguu ukiwa umeshavimba, na mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kisha kivae nyumbani saa moja kila siku, siku sita mfululizo, kwenye sakafu, ukiwa na soksi zile zile utakazovaa. Panda nacho ngazi. Siku ya tatu tazama kisigino na kidole kidogo. Pakiwa pekundu, hapo ndipo malengelenge yatatokea, na plasta inabandikwa asubuhi ya mahafali ngozi ikiwa bado nzima.

Na wewe unayetaka kuvaa vile vizuri ulivyovihifadhi tangu harusi ya dada miaka mitano iliyopita, vitoe leo. Soli nyingi za plastiki laini zinaoza zenyewe kwa unyevu, hata kama kiatu hakijavaliwa. Kikiwa kabatini kinaonekana kipya, ukikivaa kinamung'unyika kama mkate mkavu. Ikunje soli, uibonyeze kwa kidole gumba. Ikipasuka au ikinata, hicho si kiatu tena. Mimi nimewahi kurudi nyumbani kutoka kwenye sherehe nikiwa na juu ya kiatu tu, soli imebaki vipande vipande barabarani.

"Kwenye picha za dada yangu uso umetoka giza, hata macho hayaonekani. Mimi nikivaa nyeupe shingoni nitang'aa?"

Nyeupe kali inaweza kuongeza tatizo. Kamera ya simu inapima mwanga wa picha nzima. Ikikuta mbingu nyeupe nyuma yako na kola nyeupe chini ya kidevu, inapunguza mwanga, na uso wako ndio unaolipa. Kwa ngozi nyeusi chagua krimu, njano ya haradali au pinki iliyopauka. Zinainua uso bila kupigana na kamera.

Lakini naamini kosa la dada yako lilikuwa saa. Mwisho wa Novemba, Dar es Salaam, saa sita mchana jua linakaribia kuwa juu ya utosi. Kofia ya mahafali ina ubao bapa, na kivuli chake chote kinaangukia macho. Hakuna nguo itakayoondoa hicho. Piga picha za joho asubuhi kabla ya saa tatu, au jioni baada ya saa kumi. Mkilazimika mchana, simama ukingoni mwa kivuli cha mti au baraza, uso uelekee kwenye uwazi, ukuta uwe nyuma, na mpigaji aguse uso wako kwenye kioo cha simu kabla ya kubonyeza.

Nikiwa hapo hapo kwenye shingo: gauni la mabega wazi linapendeza peke yake, ila ndani ya joho halionekani kabisa. Kwenye picha inaonekana shingo, kifua, kisha joho, kama vile ndani hukuvaa kitu. Nguo ya ndani lazima ionekane angalau vidole vitatu juu ya ukingo wa joho.

"Navaa hijabu. Kofia inateleza kila nikigeuka."

Hijabu ya satini au shifoni ndiyo inayoteleza, kwa hiyo vaa ya pamba au jezi. Ncha ziingize ndani ya joho ili hudi ilale juu yake. Unapochukua joho, jaribu kofia ukiwa umejifunga hijabu hiyo hiyo, kwa sababu utahitaji namba kubwa zaidi.

"Gauni liwe refu kiasi gani? Nina wiki mbili tu."

Liwe fupi kuliko joho kwa shubiri moja, au lifike kifundo cha mguu kabisa. Linalochungulia vidole viwili chini ya joho linaonekana kama shimizi iliyoshuka. Usimwambie fundi apime kwa kukisia. Kachukue joho kwanza, livae pamoja na viatu vyenyewe, simama wima, mwenzako aweke alama ya chaki kwenye gauni pale joho linapoishia. Ukienda kwa fundi bila viatu, kisigino cha sentimita 5 kitalipandisha gauni refu sentimita hizo hizo 5 kutoka sakafuni, nawe utakuwa umeshakata.