Mchoro unawanyooshea kidole wahasibu, lakini tarehe zinasema mengine

Swali: Habari za kazi. Nipo idara ya manunuzi kwenye kiwanda kimoja hapa Chang'ombe, tunatumia SAP. Nimechota data za miezi mitatu nikaziingiza kwenye programu ya uchimbaji wa michakato, na mchoro unaonyesha ankara inakaa siku 25 kabla ya kulipwa. Bosi ameshaanza kuwaandikia barua wahasibu, nao wanakana. Nitajuaje ucheleweshaji hasa uko wapi?

Jibu: Ndugu yangu, mwombe bosi aishikilie hiyo barua siku mbili tu. Kisha rudi kwenye data zako uangalie jambo moja: tukio la kupokea mzigo umelipatia tarehe ya safu gani? Karibu kila anayeanza kazi hii huchukua `BUDAT`, na hapo ndipo mchoro unapoanza kumsingizia mtu.

Jedwali la `EKBE` ndilo linalotunza historia ya kila LPO, na kila tukio ndani yake lina tarehe mbili. `BUDAT` ni tarehe ya kuposti. Hiyo anaiandika mtu mwenyewe kwenye skrini. Akitaka anaweka ya leo, akitaka anaweka ya wiki mbili zilizopita, mradi kipindi cha hesabu hakijafungwa. `CPUDT` ni siku ambayo kumbukumbu iliingia kwenye mfumo kweli, na `CPUTM` ni saa yake. Hizi mfumo unazijaza wenyewe. Tena `BUDAT` haina saa, kwa hiyo matukio mawili ya siku moja programu yako inayapanga kwa kubahatisha tu.

Chota upya hivi:

```sql
SELECT EBELN, EBELP, VGABE, BWART, BELNR,
       BUDAT, CPUDT, CPUTM
FROM EKBE
WHERE VGABE IN ('1','2')
  AND BUDAT BETWEEN '20250401' AND '20250630';
```

`VGABE` ikiwa 1 ni mzigo kupokelewa, ikiwa 2 ni ankara. `BWART` nimeiweka ili uone mapokezi yaliyofutwa: 101 ni kupokea, 102 ni kufuta. Pokezi lililofutwa ukiliacha ndani ya data, litakuonyesha mzigo umepokelewa siku ambayo kwa kweli haukupokelewa.

Sasa tuchukue LPO moja ya mfano, ya katoni zilizochapwa, ambayo nayo ina siku zake 25 kama zako. Ombi la ununuzi liliandikwa Jumatatu tarehe 5 Mei 2025. LPO ilitengenezwa tarehe 7 na kuidhinishwa tarehe 8. Mzigo umepostiwa kwa tarehe 19 Mei, ankara imeingizwa tarehe 22, na malipo yametoka Jumatatu tarehe 16 Juni. Ukisoma kwa `BUDAT`, hadithi inakuja imenyooka: msambazaji katumia siku 11, stoo na ankara siku 3, halafu wahasibu wakaikalia ankara siku 25. Mshale mnene mwekundu unaangukia kwao.

Badilisha sasa, weka `CPUDT`. Pokezi lile la tarehe 19 liliingizwa kwenye mfumo tarehe 29 Mei, siku kumi baadaye. Maana yake ankara ilipoingizwa tarehe 22, kwenye mfumo hapakuwa na katoni hata moja iliyopokelewa. Mfumo ulipolinganisha LPO, mzigo na ankara, ukakuta ankara inadai kitu ambacho hakijafika, ukaiwekea zuio la malipo. Hapo mhasibu hana la kufanya. Anaiona ankara, anaona zuio, anasubiri stoo.

Stoo walipoingiza mzigo Alhamisi tarehe 29, zuio halikuondoka papo hapo. Kuna mtu anayefungua `MRBR` kuziachilia ankara zilizozuiwa, naye alifanya hivyo Jumatatu mchana, tarehe 2 Juni. Siku nne hizo, mbili zikiwa za wikiendi, ni za wahasibu na sitazificha. Lakini angalia kilichofuata. Kwenye kampuni hii ya mfano malipo yanaendeshwa kila baada ya wiki mbili, Jumatatu asubuhi. Tarehe 2 Juni asubuhi ankara ilikuwa bado imezuiwa, kwa hiyo ikalikosa gari, na gari lililofuata lilikuwa la tarehe 16. Masharti yalikuwa siku 14 kuanzia tarehe ya ankara, ambayo ni 20 Mei. Ilitakiwa ilipwe kufikia tarehe 3 Juni. Mzigo ungeingizwa siku uliofika, ankara ingekuwa huru tarehe 22 na ingelipwa tarehe 2, ndani ya muda. Siku kumi za stoo ndizo zilizozaa wiki mbili za msambazaji kupiga simu kila asubuhi.

Kwa hiyo usiishie kwenye mshale. Kwa kila mstari wa LPO, toa `BUDAT` kutoka `CPUDT` uone pengo. Usitumie wastani, maana LPO moja iliyosahaulika miezi miwili itauvuta. Panga mapengo kuanzia dogo hadi kubwa, usome la katikati na yale ya mwisho kabisa. Halafu angalia `CPUDT` zenyewe zimeangukia siku gani za mwezi. Mapokezi yakirundikana siku mbili tatu za mwisho wa mwezi, na `CPUTM` zikionyesha mapokezi arobaini yameingizwa ndani ya nusu saa, hapo ujue hati za mizigo zinakusanywa kwenye faili na kuingizwa kwa mkupuo kabla hesabu hazijafungwa. Kasi hiyo ya chini ya dakika moja kwa lori haiwezi kuwa ya mtu anayepokea mzigo getini.

Ila kuna hali ambayo pengo litakuwa sifuri na bado ucheleweshaji upo. Mtunza stoo asipobadilisha tarehe kwenye skrini ya `MIGO`, mfumo unaweka ya leo, na `BUDAT` inakuwa sawa na `CPUDT`. Siku kumi za stoo zinahamia kwa msambazaji: mchoro utasema kachelewa kuleta, wakati lori lake lilishushwa zamani. Hili halionekani kwenye SAP hata ukichimba vipi. Chukua LPO ishirini, shuka getini, omba daftari la mlinzi, ulinganishe. Mimi kazi yoyote ya manunuzi siimalizi bila hilo daftari. Lina namba ya gari, saa ya kuingia na namba ya hati ya mzigo, limeandikwa kwa kalamu ya bluu na limelowa pembeni, na mara nyingi ndiyo kumbukumbu ya kweli kuliko zote kiwandani.

Jambo jingine dogo, kwa kuwa najua litakukuta. Ukifanya mstari wa LPO kuwa kesi, yaani kitu ambacho programu inakifuatilia mwanzo hadi mwisho, idhini inayotolewa mara moja kwa LPO nzima itajirudia kwenye kila mstari. LPO yenye mistari 12 itaonekana imeidhinishwa mara 12. Muda wa kusubiri hauharibiki, lakini usije ukampelekea bosi idadi ya idhini kutoka kwenye mchoro huo. Idhini zihesabu kwa namba ya LPO peke yake.

Tuseme sasa umeona pengo liko stoo. Nakusihi usihamishie barua ya bosi kwa mtunza stoo. Ficha majina ya watumiaji, weka alama badala yake, kabla hujamwonyesha mtu yeyote mchoro. Hizo ni taarifa za watu, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kisha uliza mfumo swali linalofuata: kati ya siku mzigo ulipofika na siku ulipoingizwa, kuna mtu mwingine aliigusa LPO?

```sql
SELECT h.OBJECTID, h.UDATE, h.UTIME,
       p.VALUE_OLD, p.VALUE_NEW
FROM CDHDR h
JOIN CDPOS p ON p.OBJECTCLAS = h.OBJECTCLAS
  AND p.OBJECTID = h.OBJECTID
  AND p.CHANGENR = h.CHANGENR
WHERE h.OBJECTCLAS = 'EINKBELEG'
  AND p.TABNAME = 'EKPO' AND p.FNAME = 'MENGE';
```

Hii inakuletea kila badiliko la idadi kwenye mistari ya LPO, pamoja na siku na saa. `OBJECTID` ndiyo namba ya LPO. Kwenye LPO yetu ya katoni utakuta mstari mmoja: tarehe 28 Mei, idadi imebadilishwa kutoka 5,000 kuwa 5,150. LPO ikaidhinishwa upya asubuhi ya tarehe 29, na mchana stoo wakapokea.

Unaona kilichotokea. Wachapaji wa vifungashio mara nyingi hutoa zaidi au pungufu kidogo ya ulichoagiza, kwa sababu mashine haisimami kwenye namba kamili. Lori lilileta katoni 5,150. Mtunza stoo alijaribu kuzipokea siku ileile, mfumo ukamkatalia kwa kuwa LPO haikuruhusu kuzidi hata katoni moja. Akapiga simu manunuzi waongeze idadi, na ombi lake likakaa kwenye meza ya mtu siku tisa. Jaribio lililokataliwa haliachi tukio lolote kwenye `EKBE`, ndiyo maana kwenye mchoro alionekana amelala.

Siku tisa hizo, basi, ni za idara yako, na nadhani ni vizuri uyaseme wewe mwenyewe kwa bosi kabla wahasibu hawajayagundua. Hesabu ni LPO ngapi zenye pengo kubwa zina badiliko la `MENGE` katikati. Zikiwa nyingi na ni za wachapaji walewale, kubalianeni nao asilimia ya kuzidi, muiandike kwenye mkataba na kwenye safu ya `UEBTO` ya mstari wa LPO, ili mzigo uliozidi kidogo upokelewe bila kumpigia mtu simu. Zile zenye pengo kubwa lakini hazina badiliko lolote, hizo ndizo za kwenda kuzungumza na stoo. Nenda asubuhi mapema, wakati malori yanashusha, uone kompyuta iko umbali gani kutoka pale wanaposainia hati.