Fomu ya mkopo steshenari: angalia unachokiacha kwenye kompyuta ya watu

Dirisha la maombi ya mkopo wa elimu ya juu wa Bodi ya Mikopo, HESLB, likifunguliwa, steshenari zinajaa vijana waliomaliza Kidato cha Sita, kila mmoja na bahasha yake ya vyeti. Nimekaa nyuma ya kaunta hizo misimu kadhaa, nikiprinti, nikiskani na kuwajazia watu fomu. Haya nayaandika kwa mdogo wangu anayekwenda kuomba kwa mara ya kwanza na hana kompyuta yake.

Fomu ya mkopo ni mtihani mzuri wa kutumia kompyuta ya watu bila kuacha taarifa zako, maana haikupeleki steshenari mara moja tu. Unajaza kwenye OLAMS, mfumo wa Bodi wa maombi mtandaoni, unaprinti, unaipeleka serikali ya mtaa na kwa wakili au hakimu ipigwe mihuri, kisha unarudi kuskani kurasa zenye sahihi na kuzipandisha mtandaoni. Ndani yake kuna namba yako ya NIDA, cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, akaunti ya benki, picha yako, na taarifa za mdhamini wako pamoja na kitambulisho chake. Kwa hiyo ukizembea, hata mjomba aliyekudhamini anabaki kwenye kompyuta ya watu, naye hakuwahi kukanyaga pale.

Watu wengi wakimaliza wanabonyeza alama ya X juu ya dirisha, wanalipa, wanaondoka. Mimi niliyebaki kwenye kiti ndiye niliyekuwa naona walichoacha.

Tuanze na akaunti yenyewe, kwa sababu hapa kosa hufanyika hata kabla hujagusa kibodi. Foleni ikiwa ndefu, mhudumu atakwambia, "Nipe namba yako ya mtihani, nitakujazia." Mfumo ukidai barua pepe, anaandika ya ofisi ili asikuulize-ulize. Ukidai nywila, anaweka ileile anayowawekea wateja wote, mara nyingi jina la duka na mwaka. Hana nia mbaya, anataka foleni iishe. Lakini wiki mbili baadaye ukitaka kurekebisha kitu na nywila umeisahau, maelekezo ya kuibadilisha yataingia kwenye barua pepe ya duka. Na namba ya mtihani ya Kidato cha Nne si siri, darasa zima mnajuana. Kufuli pekee ulilonalo ni nywila, na hilo kufuli ufunguo wake wanao wahudumu watatu wanaopokezana zamu.

Kwa hiyo fungua barua pepe yako nyumbani, kwenye simu, kabla ya siku hiyo. Ukifika dukani mwambie mhudumu kwa heshima kwamba atakuelekeza, ila barua pepe, namba ya simu na nywila utaandika mwenyewe. Ujumbe wowote wa kuthibitisha usomee kwenye simu yako. Usifungue Gmail kwenye kompyuta ya duka kabisa, haina sababu. Ada ya maombi nayo lipa mwenyewe kwa simu ukitumia namba ya malipo uliyopewa na mfumo, usimtajie mtu namba ya siri.

Sasa kompyuta. Ukikaa tu, kabla ya kuandika chochote, fungua dirisha ambalo halitunzi kumbukumbu. Kwenye Chrome bonyeza Ctrl+Shift+N upate Incognito, kwenye Firefox ni Ctrl+Shift+P. Ila mimi ningekushauri Guest ya Chrome: bonyeza kile kiduara cha picha ya mtumiaji upande wa juu kulia, uchague Guest. Incognito bado inaweza kukuletea nywila zilizohifadhiwa na duka, wakati Guest inaanza ikiwa tupu. Kwenye dirisha la kawaida utaona tofauti upesi. Gusa kisanduku cha barua pepe, na huenda zikashuka anwani za waliokutangulia. Wewe nawe kesho utashuka hivyohivyo.

Kuna jambo moja kuhusu Incognito ambalo hata wahudumu wengi hawalijui. Madirisha yote ya Incognito yaliyo wazi kwa wakati mmoja yanatumia kumbukumbu moja. Mhudumu akiwa na lake amelishusha chini kwa kazi ya mteja mwingine, wewe ukifunga la kwako hakijafutika kitu, kwa sababu la kwake bado linaishi. Chrome huonyesha idadi pembeni ya neno Incognito madirisha yakiwa zaidi ya moja, iangalie. Njia ya kuhakikisha ni rahisi: toka kwanza kwenye akaunti kwa kitufe cha mfumo wenyewe, funga madirisha yote, kisha fungua jipya na uingie tena kwenye tovuti. Ikikudai nywila, umetoka. Ikikupokea kwa jina lako, bado upo ndani.

Na usisahau kuangalia anwani iliyo juu. Tovuti za Bodi huishia na heslb.go.tz. Kwenye kompyuta ya umma watu hubonyeza viungo vilivyohifadhiwa na wengine bila kuvisoma.

Hayo ya dirisha watu wanayapokea kirahisi. Shida kubwa ni mafaili, kwa kuwa Incognito na Guest hazifuti faili ulilopakua wala ulilopandisha. Hapo ndipo nimeona vyeti vya watu vikilala mwaka mzima.

Chukua mfano wa binti mmoja, wa kawaida kabisa. Anakuja na picha za vyeti kwenye simu. Mhudumu anamwambia azitume kwa WhatsApp kwenye namba ya duka, ubaoni imeandikwa. Anatuma cheti cha kuzaliwa, cheti cha Kidato cha Nne, picha ya pasipoti na kitambulisho cha mama yake aliyemdhamini. Mhudumu anazipakua, anazigeuza kuwa PDF, anapunguza ukubwa kwa tovuti ya bure kwa sababu mfumo haupokei faili kubwa, anapandisha. Fomu inapakuliwa, inaprintiwa. Siku ya pili binti anarudi na kurasa zenye mihuri, zinaskaniwa, zinapandishwa. Amemaliza, ameshukuru.

Hebu tuhesabu kitambulisho cha mama kiko wapi. Kipo kwenye mazungumzo ya WhatsApp ya duka. Kipo kwenye Downloads kama picha yenye jina linaloanza na WhatsApp Image na tarehe. Kipo hapohapo tena kama PDF, na mara ya tatu kama PDF iliyopunguzwa. Kimepita kwenye tovuti ambayo hakuna aliyesoma masharti yake. Binti angefunga dirisha kwa umakini wote wa dunia, nakala hizo zisingetikisika.

Dawa yake ni kufika dukani ukiwa na PDF tayari. Programu ya Google Drive kwenye simu ya Android ina sehemu ya kuskani, unapiga picha cheti kikiwa mezani penye mwanga na inakutolea PDF safi, mara nyingi ndogo ya kutosha. Weka zote kwenye flashi, uzipe majina yanayoeleweka. Dukani, mfumo ukisema uchague faili, chagua moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Usikubali zinakiliwe kwanza kwenye Desktop "ili iwe haraka". Haraka hiyo ndiyo inayoacha nakala. Flashi nayo iwe haina vitu vingine, maana kompyuta za steshenari zina virusi, na hutaki vikutane na picha za familia.

Kama huna flashi, fungua WhatsApp yako mwenyewe ndani ya dirisha la Guest kwa kuskani ile alama ya mraba, badala ya kutuma kwa namba ya duka. Utapakua faili, kwa hiyo utakuwa na la kufuta, lakini mazungumzo yatabaki yako. Kabla ya kuinuka, ingia kwenye simu, sehemu ya Linked devices, uguse jina la kompyuta ile na uitoe. Na ikiwa umeshatuma kwa duka, unayo nafasi ya siku mbili hivi ya kutumia Delete for everyone. Inaondoa ujumbe, haiondoi kilichokwisha pakuliwa.

Kuprinti kunaweza kufanyika bila kupakua. Fomu ikifunguka ndani ya dirisha, bonyeza Ctrl+P hapohapo. Ikijipakua yenyewe, si tatizo, ila ijue ilipo.

Kuskani ndiko kunakosahaulika zaidi, kwa sababu hukupakua kitu, hivyo akili haikwambii kuna faili. Lakini skana inahifadhi. Programu ya Windows Fax and Scan huweka kwenye Documents, ndani ya folda ya Scanned Documents, nyingine huweka kwingine, na majina ni ya namba tu, hakuna jina lako. Mwombe mhudumu aelekeze skani kwenye flashi yako. Mashine kubwa za fotokopi nyingi zinaweza kuskani kwenye flashi bila kupitia kompyuta, ukiiona ya hivyo itumie.

Ukimaliza, omba dakika tano. Bonyeza Ctrl+J uone ulichopakua, lakini usidanganyike: kuondoa jina kwenye orodha ile siyo lazima kuwe kumefuta faili. Fungua folda yenyewe, panga kwa tarehe ili vya leo vije juu, chagua vyako na ubonyeze Shift+Delete. Ukibonyeza Delete peke yake vinakwenda Recycle Bin, na mtu anavirudisha kwa kubofya mara moja. Angalia pia Documents, Desktop, na folda ya skana. Karatasi zilizoharibika kwenye printa usiziache kwenye ndoo. Nimeona fotokopi za vitambulisho zikifungia maandazi, na hilo sikulisikia kwa mtu.

Kuna mpaka wa yote haya. Faili lililofutwa mara nyingi linaweza kufufuliwa na mtu mwenye programu ya kazi hiyo. Na kompyuta ikiwa na kitu kinachorekodi kila kitufe unachobonyeza, hakuna Guest itakayokuficha. Ndiyo maana ukifika nyumbani, ingia kwa simu yako na ubadilishe nywila uliyoiandika pale, na kama uliitumia pengine, badilisha na huko.

Mhudumu akikasirika kwamba unamchelewesha, mwambie taratibu kwamba tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi, na vyeti vya wateja kwenye mashine yake ni mzigo wake pia. Wengi niliofanya nao kazi walikuwa wanafurahi mteja akijifutia mwenyewe. Kompyuta ilikuwa inapata nafasi.