Kreatinini ya 114 kwa mchezaji raga wa miaka 16: je, ni figo au ni kopo la poda?

Swali: Mwanangu ana miaka 16, yuko shule ya bweni na anacheza raga. Likizo hii alianza kunywa kreatini, vijiko vinne vya gramu 5 kila siku, na kwa wiki tatu ameongeza kilo mbili. Alipopimwa damu kwa sababu ya homa, kreatinini ilitoka 114 na karatasi ikaandika kwamba figo zimedhoofika. Je, poda hiyo imemharibu? Na kwa umri wake, aendelee nayo? (Mama wa mchezaji, Umoja, Nairobi)

Jibu: Mama, maneno haya mawili, kreatini na kreatinini, yanafanana kwa sababu moja huzaa nyingine, na nadhani hapo ndipo hofu yako ilipoanzia.

Kreatini hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa katika figo na ini, kiasi cha gramu moja hivi kwa siku, na nyingine hutoka kwenye nyama na samaki. Karibu yote, asilimia 95, hukaa ndani ya misuli. Mchezaji anapoingia kwenye skramu au anapokimbia kwa nguvu zake zote, misuli hutumia nishati iitwayo ATP, ambayo huisha kwa sekunde chache tu, na kreatini iliyobeba fosfati huijaza tena papo hapo. Akiba hiyo ikiwa kubwa zaidi, kijana anayenyanyua chuma mara nane huweza kufikisha tisa au kumi, na ni mazoezi hayo ya ziada, yakirudiwa kwa wiki kadhaa, yanayokuza misuli. Poda peke yake haijengi chochote kwa mtu aliyeketi. Vilevile haimsaidii sana mkimbiaji wa masafa marefu, ambaye nishati yake hutoka kwingine.

Kila siku sehemu ndogo ya kreatini iliyomo misulini, chini kidogo ya asilimia mbili, hugeuka yenyewe kuwa kreatinini, huingia kwenye damu, na figo huitoa kupitia mkojo. Ichukulie kama majivu ya jiko. Maabara huyapima majivu ili kukisia kama mfagiaji, yaani figo, anafanya kazi yake, na ile tarakimu ya utendaji wa figo iliyo chini ya karatasi haikupimwa, bali ilikokotolewa kutokana na kreatinini hiyo hiyo. Hesabu hiyo haijui kama kuna mtu aliyeongeza makaa. Mwanao ameongeza makaa kwa njia tatu: ana misuli mingi kuliko kijana wa kawaida, anakunywa gramu 20 za kreatini kila siku, na, nikikisia, akiwa nyumbani likizoni anakula nyama zaidi ya ile anayoipata bwenini. Nyama iliyopikwa nayo hupandisha kreatinini kwa saa kadhaa baada ya kuliwa, na mazoezi makali ya siku iliyotangulia huweza kuongeza kidogo.

Kwa hiyo 114 inaweza kuwa na maelezo yasiyo na ugonjwa wowote, lakini hukukosea kushtuka, na sisemi karatasi hiyo itupwe. Wiki hii hii apimwe shinikizo la damu, na mkojo wake uchunguzwe kama una protini au damu. Vipimo hivi ni rahisi na havidanganywi na kreatini. Kukiwa na kasoro yoyote hapo, aende kwa daktari wa figo bila kungoja. Vikiwa safi, aache poda kwa wiki nne hadi sita, ambao ndio muda wa misuli kurudi katika akiba yake ya kawaida, kisha arudie kipimo cha damu asubuhi, akiwa hajala nyama tangu jana yake na hajafanya mazoezi mazito kwa siku mbili. Mkitaka jibu kabla ya hapo, ombeni kipimo cha sistatini C, ambacho hukadiria kazi ya figo bila kutegemea wingi wa misuli wala kreatini.

Miaka michache iliyopita nilimhudumia kijana wa miaka 17 aliyekuja na 112 na barua iliyokuwa imemtia mamake majonzi. Mkojo ulikuwa safi na shinikizo lilikuwa sawa. Wiki tano baada ya kuacha poda, kreatinini ilikuwa 86. Tulipozungumza kwa utulivu ndipo ilipojitokeza kwamba baada ya kila mechi alikuwa akimeza diklofenaki aliyopewa na wenzake. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi, kwa sababu dawa za maumivu za aina hiyo, zikimezwa na mtu aliyeishiwa maji mwilini, huweza kweli kuumiza figo. Muulize mwanao swali hilo bila ukali. Na akipata mkojo wa rangi ya kola baada ya mazoezi, au uso ukavimba asubuhi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Kilo mbili alizoongeza ni, kwa sehemu kubwa, maji yaliyovutwa ndani ya seli za misuli. Huenda amefaidika haraka kwa sababu ya chakula cha bweni: githeri na sukuma hazina kreatini, kwa hiyo akiba yake ilikuwa chini tangu mwanzo, ilhali kilo nzima ya nyama mbichi ya ng'ombe ina gramu nne au tano tu. Kuhusu kiasi alichokuwa akinywa, amepoteza fedha. Gramu 20 hutumiwa na watu wazima kwa siku tano hadi saba ili kujaza misuli upesi. Baada ya hapo gramu 3 hadi 5 zinatosha, na ziada hutoka kwenye mkojo. Kopo la gramu 300 analolimaliza kwa siku 15 lingemtosha mtu mzima siku 100 kwa gramu 3.

Kwa watu wazima wenye figo nzima, kreatini ni miongoni mwa virutubisho vilivyochunguzwa zaidi, kwa matumizi ya hadi miaka mitano, na madhara kwa figo hayakuonekana. Kwa walio chini ya miaka 18 uchunguzi ni mchache, wa vikundi vidogo na wa muda mfupi. Jumuiya ya Madaktari wa Watoto ya Marekani haipendekezi vijana watumie bidhaa za kuongeza uwezo wa michezo. Jumuiya ya Kimataifa ya Lishe ya Michezo, katika tamko lake la 2017, ililegeza kidogo kwa kijana aliyekwisha balehe, anayeshindana kwa dhati, anayekula vizuri na asiyezidisha kipimo. Mwanao alizidisha mara nne na hakumwambia daktari yeyote, kwa hiyo hata kwa kigezo hicho chepesi hajafuzu. Mimi ningemwambia aache mpaka afikishe miaka 18, kwa kuwa katika umri huu homoni zake, chakula na usingizi vinamwongezea misuli kwa kasi ambayo poda haiwezi kuishinda.

Jambo la mwisho ni kopo lenyewe. Kreatini haimo kwenye orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku michezoni, lakini poda huweza kuchanganyika kiwandani na vitu vilivyomo kwenye orodha hiyo, na mchezaji hubeba lawama ya chochote kitakachokutwa mwilini mwake. Alama ya KEBS haimaanishi kwamba shehena hiyo ilipimwa kutafuta vitu hivyo. Alama kama Informed Sport, yenye nambari ya shehena unayoweza kuihakiki, ndiyo humaanisha hivyo. Mtakaporudi kliniki, libebeni kopo, kwa sababu daktari anahitaji kusoma kama ndani mna kreatini tupu au pia kafeini na vichangamshi vingine.