Maagizo ya mdomo ya lekcha, yapange hivi

"Lekcha kasema tu: pendekezo wiki ya 6, uwasilishaji wiki ya 10, ripoti wiki ya 12, jumla alama 40, ripoti nusu, pendekezo 10. Kiongozi wa darasa anasema ripoti ni alama 50. Nipangeje?"

Kiongozi wenu yuko sawa kwamba ripoti ndiyo nzito, ila nusu ya 40 ni 20. Toa na 10 za pendekezo, zinabaki 10, bila shaka za uwasilishaji. Lakini lekcha hakuzitamka, kwa hiyo ziwekee alama ya kuuliza.

Tarehe ndizo zinazoponza watu. Tuseme wiki ya 1 ilianza Jumatatu, 3 Novemba 2025: wiki ya 6 inaanza 8 Desemba. Siku hakutaja, basi jiwekee Jumatatu. Kuanzia hapo usihesabu kwa kalenda ya ukutani, maana chuo kikifunga Krismasi, wiki za likizo huwa hazihesabiwi na wiki ya 10 inasogea mbele. Fuata almanaka ya chuo.

☐ Pendekezo: 8 Desemba, alama 10
☐ Uwasilishaji: wiki ya 10 (tarehe?), alama 10?
☐ Ripoti: wiki ya 12 (tarehe?), alama 20

Chini ya ripoti ongeza mistari yako: kukusanya data, rasimu, kuhariri. Hiyo haina alama, ina tarehe tu.

Kisha mtumie lekcha orodha yenyewe, aseme palipokosewa. Wengine hawajibu meseji; huyo mngoje mlangoni baada ya kipindi.