Rezista ya beisi kwenye transista: ya nini, na unaipataje thamani yake?

Swali: Wakuu, nawasha relei ya volti 5 kwa Arduino Uno kupitia 2N2222. Video moja wameweka rezista ya 1k kwenye beisi, nyingine 10k, nyingine hamna kitu. Nimfuate nani?

Mkuu, kati ya beisi na emita mna dayodi. Ikifika kama volti 0.7 inafunguka, na ukizidisha volti kidogo tu mkondo unapanda mara nyingi. Pini inatoa volti 5, kwa hiyo zile 4.3 zilizobaki lazima zibebwe na kitu, na ndiyo kazi ya rezista. Bila rezista unaikamua pini yenyewe, na chipu ya Uno, ATmega328P, mwisho wake ni miliampia 40 kwa pini.

Niliwahi kuunga hivyo kwenye mashine ya kutotolesha vifaranga. Relei ikagonga, taa zikawaka, nikaridhika. Siku chache baadaye pini namba 8 ikafa. Programu inaingia vizuri, joto linasomeka, ila pini ile haivuki volti 1 hata ukichomoa kila kitu.

Kupata thamani, anza na mzigo. Pima koili kwa multimita. Yangu ilisoma omu 70, maana yake inavuta kama miliampia 70. Gawa kwa 10, beisi inahitaji miliampia 7:

```
R = (5 - 0.7) / 0.007 = 614
```

Dukani hupati 614, chukua 560. Ukikosa, 680 inafaa, na hata ile 1k kwa kawaida itafanya kazi kwa mzigo huu.

Swali: Mbona ugawe kwa 10 wakati transista inakuza mara 100 na zaidi?

Hiyo 100 ni pale transista ikiwa imefunguka nusunusu, bado imeshikilia volti kadhaa kati ya kolekta na emita. Swichi tunaitaka ifunguke yote. Watengenezaji wenyewe wanapotaja volti inayobaki 2N2222 ikiwa imefunguka kabisa, wanapima kwa uwiano huo wa 10.

Chukua ile 10k. Beisi inapata miliampia 0.43, mara 100 ni 43. Koili ya omu 70 inaambulia volti 3, na relei za aina hii huhitaji kama 3.75 ndipo zivute. Nilipoijaribu, relei ilikaa kimya, na multimita kati ya kolekta na emita ikasoma karibu volti 2. Nilipoweka 560 ikashuka chini ya 0.2. Kipimo hicho kifanye kila mara, mzigo ukiwa umewashwa: ukiona zaidi ya 0.3 kwa mzigo mdogo kama huu, beisi ina njaa, punguza rezista.

Swali: Na nikihamia ESP32?

Pini zake ni volti 3.3, kwa hiyo hesabu inabadilika: 2.6 gawa kwa 0.007 ni 371. Weka 330.